Who na whom, that na which: dalili za makosa na vipimo vyake katika Kiingereza rasmi

Makosa ya virejeshi katika tasnifu, ripoti na barua rasmi za Kiingereza yana sura chache zinazojirudia. Mwandishi aliyekulia Kiswahili ana sababu yake ya kuyafanya. Sisi tunasema "mgeni ambaye alitusaidia" na "mgeni ambaye tulimsaidia", na "ambaye" haibadiliki hata herufi moja. Kiingereza rasmi kinadai mabadiliko palepale kwenye kirejeshi: "the guest who helped us", lakini "the guest whom we helped". Mwandishi akikwama, hulitazama jina lililotangulia, "guest", akitumaini litamwelekeza. Haliwezi. Jina ni lilelile katika sentensi zote mbili. Kinachotofautiana ni kazi ya mtu huyo mbele ya kitenzi kinachofuata kirejeshi.

Na hapo Kiswahili, ambacho kimetuletea shida, ndicho kinachotoa kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua.

Kipimo cha kwanza: mtu amekaa wapi ndani ya kitenzi?

Igeuze sehemu inayoanza na kirejeshi iwe Kiswahili, ukitumia "ambaye" au "ambao", kisha utazame kitenzi. Mtu unayemzungumzia akiwa mwanzoni mwa kitenzi, kwenye a- au wa-, Kiingereza kinataka "who". Akiwa katikati, kwenye -m- au -wa-, kinataka "whom". "Ambaye alituandikia": mtu yuko mwanzoni, basi ni "who wrote to us". "Ambaye tulimchagua": mwanzoni tupo sisi, yeye yuko katikati, basi ni "whom we chose".

Akiwa nje ya kitenzi, kwenye "naye" au "kwake", mara nyingi Kiingereza kitataka kihusishi pamoja na "whom": "ambaye nilifanya naye kazi" ni "with whom I worked". Na akionekana kama mwenye mali, kwenye "lake" au "yake", ni "whose": "ambaye gari lake liliibwa" ni "whose car was stolen". Watu wengi huogopa "whose" kwa vitu, lakini "a company whose licence has expired" ni Kiingereza rasmi kisicho na dosari.

Kipimo hiki kina mipaka miwili. Usitumie umbo fupi la "aliyemwona", kwa sababu "mwalimu aliyemwona Juma" inaweza kuwa mwalimu ndiye aliyeona au Juma ndiye aliyeona. Ukiandika "ambaye alimwona Juma" au "ambaye Juma alimwona", utata unaondoka. Mpaka wa pili ni kwamba kitenzi chetu humeza vihusishi vya Kiingereza. "Ambaye tulimwandikia" inakuonyesha kwamba ni "whom", lakini haikukumbushi kwamba kabla yake inahitajika "to": "to whom we wrote".

Kipimo cha pili: he au him?

Hiki ni kile kinachofundishwa na Waingereza wenyewe. Kata kila kitu kilicho kabla ya kirejeshi, kisha ujaze nafasi iliyobaki wazi kwa "he" au "him". Kwenye "whom we chose" utasema "we chose him". Kwenye "who wrote to us" utasema "he wrote to us". Him na them huishia na m, kama whom, na hilo linatosha kulikumbuka. Usijaribu kwa "her", kwa sababu haina m na itakuchanganya.

Mimi hutumia cha kwanza ninapoandika na cha pili ninapokagua. Vikipingana, ujue tafsiri yako ya Kiswahili imekwenda upande, na ufuate "he" na "him".

Dalili: "The candidate whom was selected"

Hili hutokea kwa mtu aliyefundishwa kwamba "who" ni ya mtenda na "whom" ni ya mtendwa. Anafikiri: huyu mtahiniwa hakuchagua, amechaguliwa, basi ni mtendwa, basi ni "whom". Mantiki ni safi na jibu ni kosa. Sarufi ya Kiingereza haiulizi nani aliumia au nani alinufaika. Inauliza nani ni kiima cha kitenzi. Katika "was selected" kiima ni yuleyule mtahiniwa: "he was selected", hakuna anayesema "him was selected". Kiswahili kinakubaliana: "ambaye alichaguliwa", a- iko mwanzoni. Tiba ni "the candidate who was selected".

Ukitaka kuyanasa makosa haya haraka katika andiko refu, tafuta kila "whom" na utazame neno linaloifuata. Likiwa kitenzi moja kwa moja, kama "was", "has", "will" au "attended", karibu kila mara "whom" hiyo ni batili, kwa kuwa kitenzi hicho kimebaki bila kiima. "Whom" halali hufuatwa na mtu au kitu kingine kinachotenda: "whom we", "whom the board", "whom Asha". Isipokuwa katika maumbo kama "whom to appoint", ambapo kinachofuata si kitenzi chenye wakati, au "two of whom attended", ambapo kiima ni "two".

Dalili: "whom we believe is qualified"

Hapa ndipo hata waandishi wazuri wanapoteleza, wazaliwa wa Kiingereza wakiwemo. Mwandishi anaona "we believe" baada ya kirejeshi, anahesabu kwamba kiima kimeshapatikana, anaweka "whom". Lakini sentensi ina vitenzi viwili, "believe" na "is", na "is" haina kiima. Kinachokaa katika nafasi hiyo ni kirejeshi chenyewe. Iondoe "we believe" kwa muda: "a candidate who is qualified". Kisha uirudishe: "a candidate who we believe is qualified".

Kiswahili kinalionyesha jambo hili waziwazi. "Mtahiniwa ambaye tunaamini anafaa": a- ya "anafaa" ndiyo mtahiniwa, na "tunaamini" haina -mw- ndani yake. Linganisha na "mtahiniwa ambaye tunamwamini", ambapo -mw- imekaa katikati, na Kiingereza chake ni "a candidate whom we trust". Vivyo hivyo kwa "we think", "they said", "the report claims" na vingine vya aina hiyo: ni maneno yaliyochomekwa, na kirejeshi hakiyajali.

Pana jirani yake mmoja wa kumwangalia. "A candidate whom we believe to be qualified" ni sahihi. Kilichobadilika ni "is" kuwa "to be". "To be" haina wakati, haihitaji kiima chake, na kwa kipimo cha pili unapata "we believe him to be qualified". Kwa hiyo usikariri kwamba "believe" inataka hiki au kile. Tazama kitenzi kinachofuata: kikiwa na wakati, "who", kikiwa na "to", "whom".

Dalili: "to whomever comes first"

Sote tumefundishwa kwamba baada ya kihusishi ni "whom", na kanuni hiyo inashika: "to whom", "for whom", "two of whom". Barua zetu zinazoanza na "To whom it may concern" ziko sawa, kwa kuwa kiima cha "may concern" ni "it", na mtu ni "him". Ila kanuni inavunjika kihusishi kinapotawala kishazi kizima badala ya neno moja. Katika "The contract will be awarded to whoever submits the lowest bid", kinachofuata "to" ni kishazi chote, "whoever submits the lowest bid", na ndani yake "submits" inadai kiima. Kata hadi baada ya "to", kisha upime: "he submits". Basi "whoever". Ingekuwa "to whomever the board selects", kipimo kingetoa "the board selects him", na m ingestahili.

Neno moja kuhusu kiwango cha hatari. Katika mazungumzo, "who" imechukua nafasi nyingi za "whom", na "Who did you meet?" haimshtui mtu. Katika andiko rasmi "whom" bado inatarajiwa. Lakini ukiwa na dakika moja tu na vipimo havijakupa jibu, andika "who". "Who" iliyokosewa husomeka kama ulegevu mdogo. "Whom" iliyokosewa humwonyesha msomaji mtu aliyetafuta urasmi akakosa sarufi, na hilo huumiza zaidi.

Dalili: "the man whom I met him"

Hili ni letu hasa. "Ambaye nilikutana naye", "barua ambayo niliiandika": Kiswahili kinaruhusu, na mara nyingi kinataka, alama ya mtu au kitu ibaki kwenye kitenzi hata kama kirejeshi kimeshamtaja. Mwandishi anaihamisha alama hiyo na kupata "the man whom I met him", "the letter which I wrote it", "the house that I live in it". Kiingereza hakikubali nafasi moja ya kishazi kujazwa mara mbili. Kirejeshi kimeshachukua nafasi ya "him" au "it", kwa hiyo neno hilo la mwisho linafutwa: "the man whom I met", "the letter that I wrote", "the house in which I live".

Lakini usifute kila "it" unayoiona. Jiulize inamrejelea nani. Katika "the officers who read it", "it" ni ripoti, si maofisa, na lazima ibaki.

That na which: tatizo la koma kabla ya kuwa tatizo la neno

Upande wa vitu, swali ni jingine kabisa. "That" na "which" zote zinaweza kuwa kiima au shamirisho bila kubadilika. Kinachozitenganisha ni kama kishazi kinabagua au kinaongeza taarifa tu. Chukua maagizo haya ya ghala la saruji:

> The bags of cement that were delivered on Monday must be returned.

> The bags of cement, which were delivered on Monday, must be returned.

Tuseme mifuko 100 ililetwa Jumatatu na 200 Alhamisi. Sentensi ya kwanza inarudisha 100. Inabagua: mifuko ipi? Ile ya Jumatatu. Sentensi ya pili haibagui. Inasema mifuko inayozungumziwa irudishwe, yote, na kwa taarifa tu, ililetwa Jumatatu. Mtunza ghala atakayeisoma kwa makini ama atarudisha mifuko yote 300, ama atapiga simu kuuliza, kwa kuwa taarifa hiyo si kweli kwa mifuko ya Alhamisi. Hakuna mwanasheria wala mhasibu anayetaka utata wa namna hiyo kwenye mkataba.

Basi kipimo ni swali "ipi?" au "kipi?". Kishazi kikiwa ndicho jibu la swali hilo, ni "that", bila koma. Msomaji akiwa ameshajua ni ipi kabla ya kufika kwenye kishazi, ni "which", na koma mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Koma ya kufunga ndiyo inayosahaulika zaidi. Unaweza kuthibitisha kwa kukifuta kishazi: kama kinachobaki bado kinataja kitu kilekile, koma zinastahili.

Majina ya pekee huwa yameshajibu "ipi?" yenyewe: "Lake Victoria, which is shared by Kenya, Uganda and Tanzania, …". Hakuna Ziwa Victoria jingine la kubagua nalo. Ila jina likitanguliwa na "the" kwa kusudi la kubagua nyakati, kama "the Zanzibar that our grandparents knew", ubagulizi unarudi na koma zinaondoka.

Koma hizohizo ndizo zinazofanya kazi kwa "who", ambayo haina pacha wa kuisaidia. "The nurses who had not been paid stopped work" inasema waliogoma ni wale tu wasiolipwa. "The nurses, who had not been paid, stopped work" inasema wote hawakulipwa na wote waligoma. Ripoti ya hospitali inaweza kupotosha kwa koma mbili tu.

Dalili: Word imepigia mstari "which" yako

Umeandika "the method which was used in this study", na programu inataka ama uongeze koma ama uweke "that". Wengi huongeza koma kwa kuwa ni rahisi, na hapo ndipo kosa linapozaliwa, kwa sababu koma imegeuza maana: kishazi kilichokuwa kinabagua kimekuwa nyongeza. Uliza "ipi?" kwanza. Kama kinabagua, weka "that" na uache koma.

Je, "which" bila koma ilikuwa kosa? Inategemea unaandika wapi. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kilichorithiwa na shule za Kenya, Uganda na Tanzania, kinaikubali "which" inayobagua. Mgawanyo mkali ulipendekezwa na Mwingereza, H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, na yeye mwenyewe alikiri kwamba waandishi wengi hawakuufuata. Wahariri wa Marekani ndio walioushika sana, na mwongozo wa APA, unaotumika katika tasnifu nyingi za sayansi ya jamii, unaupendelea. Ushauri wangu ni kuufuata popote. Hakuna mtahini wa Kiingereza cha Uingereza atakayekukosoa kwa "that" inayobagua, lakini mhariri wa jarida la Marekani atabadilisha "which" zako zote. Kinachokatazwa pande zote mbili ni kimoja: "that" baada ya koma ya nyongeza. "The report, that was submitted in June, …" ni kosa London na ni kosa New York.

Na kihusishi hakiwezi kuitangulia "that". "The village in that I was born" haipo. Ni "in which I was born", hata kama kishazi kinabagua.

Kuna "which" nyingine ya kuiepuka katika maandishi rasmi, ile inayodakia sentensi nzima: "The committee rejected the proposal, which surprised us." Kilichoshangaza ni pendekezo au kukataliwa kwake? Andika "The rejection of the proposal surprised us" na swali linakwisha.

Aya moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Hii ni aya niliyoitunga ya barua ya kumpendekeza mhitimu, ikiwa na magonjwa tuliyoyaona:

> I write to recommend a graduate whom I believe will serve you well. She led the survey which it covered four villages, and the report that she wrote it, that was submitted in June, was praised by the officers whom read it. You may pass this letter to whomever is in charge of recruitment.

"Whom I believe will serve": ondoa "I believe", inabaki "will serve", ambayo inadai kiima. Inakuwa "who I believe will serve". "Which it covered": "it" ni utafiti uleule uliokwisha kutajwa na kirejeshi, kwa hiyo inafutwa. Halafu swali la "ipi?": je, mhitimu aliongoza utafiti mmoja au zaidi? Kama tafiti zilikuwa kadhaa na msomaji anazijua, ni "the survey that covered four villages". Kama msomaji anausikia kwa mara ya kwanza, ni bora "a survey that covered four villages". Mhariri hawezi kuamua hilo peke yake. Inabidi amuulize aliyeandika. Hapa tuseme msomaji hajawahi kuusikia.

"The report that she wrote it": "it" inafutwa. Kishazi hiki kinajibu ripoti ipi, basi "that" inabaki bila koma, au inaondolewa kabisa, kwa kuwa Kiingereza kinaruhusu kuidondosha ikiwa shamirisho. Kinachofuata, kuhusu Juni, hakibagui tena, kwa maana ripoti imeshajulikana. Koma zake ziko sawa, ila neno linakuwa "which". "Whom read it": baada ya "whom" kimekuja kitenzi moja kwa moja, ile ishara ya hatari. "They read it", basi "who", na "it" inabaki kwa sababu ni ripoti. Mwisho, "he is in charge", basi "whoever", ingawa "to" iko mlangoni.

> I write to recommend a graduate who I believe will serve you well. She led a survey that covered four villages, and the report she wrote, which was submitted in June, was praised by the officers who read it. You may pass this letter to whoever is in charge of recruitment.

Aya imesafishwa na haina hata "whom" moja. Mwandishi akihisi barua imepungukiwa urasmi, asiirudishe kwa nguvu. Nafasi halali inapatikana akitaja jambo jingine la kweli, kwa mfano wenzake wa kazi: "The enumerators with whom she worked speak highly of her."